Kuipanga hoja ya Krito dai kwa dai

Swali: Mwalimu, wiki ijayo nitawasilisha kwenye semina maandishi ya Plato yanayoitwa Krito. Nimeyasoma mara mbili na kisa nakielewa: Sokrates yuko gerezani akisubiri kunywa sumu kwa hukumu ya mahakama ya Athene, rafiki yake Krito anataka kumtorosha, naye Sokrates anakataa. Tatizo ni kwamba tumetakiwa tuipange hoja yake dai kwa dai, na mimi naona mazungumzo tu, mengine yanarudiwarudiwa. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba nimeipanga sawasawa?

Jibu: Anzia mwisho. Kabla ya kuorodhesha dai lolote, andika juu kabisa ya karatasi hitimisho ambalo maandishi yote yanalielekea, na uliandike kwa uangalifu kuliko sentensi nyingine yoyote, kwa sababu ukilikosea hilo, kila kitu kilicho chini yake kitapinda. Wanafunzi wengi huandika kwamba Sokrates anathibitisha kuwa sheria lazima zitiiwe daima. Hilo si hitimisho lake. Swali linalojadiliwa limewekwa wazi kwenye 50a (ninatumia namba na herufi zilizo pembezoni mwa ukurasa, ambazo ni zilezile katika matoleo karibu yote, ili wenzako waweze kukufuata): je, Sokrates akiondoka gerezani bila kuushawishi mji umruhusu, atakuwa amewatendea ubaya wale ambao hakupaswa kabisa kuwatendea, na atakuwa amevunja makubaliano ya haki? Hitimisho basi ni finyu: si haki kwa Sokrates, katika hali aliyonayo, kuondoka bila idhini ya Waathene. Finyu namna hiyo ndivyo unavyotakiwa uliache.

Ukishalipata hitimisho, pitia maandishi ukiuliza kwa kila kifungu: nikikiondoa hiki, je, hitimisho linapoteza nguzo yoyote? Kwa kipimo hicho, ukurasa wa mwanzo unaondoka wote. Habari za meli inayosubiriwa kutoka Delo, ambayo ikifika Sokrates atauawa, na ndoto ya mwanamke mwenye mavazi meupe, zinatuambia kwamba muda umekwisha, lakini hazithibitishi chochote. Hotuba ya Krito, kuanzia 44b hadi 46a, ni ya namna nyingine. Hiyo ni hoja kweli, ila ni hoja ya upande wa pili: watu watatulaumu kwamba tuliona fedha zina thamani kuliko rafiki, fedha za kukutorosha zipo, huko Thesalia kuna watu wa kukupokea, na ukibaki unawasaliti wanao. Usiitupe. Iandike kando kwa mistari miwili, kwa kuwa sehemu inayofuata ipo kwa ajili ya kuiondoa njiani.

Sehemu hiyo inakwenda kutoka 46b hadi 48d, na kazi yake ndiyo ambayo wasomaji wengi hawaioni. Haisemi kwamba kutoroka ni kosa. Inaamua tu ni swali lipi linastahili kuulizwa. Ukiipanga utapata mfuatano kama huu:

1. Anayetunza mwili wake hufuata maoni ya mjuzi, yaani tabibu au mkufunzi wa mazoezi, si maoni ya kila mtu. Akifuata ya wasiojua, mwili wake huharibika (47b–c).
2. Katika mambo ya haki na dhuluma hali ni hiyohiyo: akiwapo mjuzi, maoni yake ndiyo ya kuogopwa, na anayeyapuuza huharibu kile kilicho ndani yetu ambacho haki hukijenga na dhuluma hukibomoa (47c–d).
3. Kitu hicho kina thamani kuliko mwili, na maisha ambayo kitu hicho kimeharibika hayafai kuishiwa (47e–48a).
4. Kinachopaswa kuthaminiwa zaidi si kuishi bali kuishi vema, na kuishi vema ni sawa na kuishi kwa haki (48b).
5. Kwa hiyo swali pekee la kuzingatia ni kama kuondoka ni haki. Fedha, sifa mbele za watu na malezi ya watoto havina nafasi katika uamuzi huu (48b–d).

Tazama dai la nne. Linaingia kwa sababu Sokrates mwenyewe analeta pingamizi kwamba watu wengi, hata kama hawajui kitu, wana uwezo wa kutuua. Bila dai hilo pingamizi lingesimama, na la tano lisingefuata. Tazama pia maneno "akiwapo mjuzi" katika dai la pili. Sharti hilo limo katika maandishi yenyewe, wala Sokrates hasemi popote hapo kwamba mjuzi huyo wa haki amepatikana. Ukiliacha sharti hilo nje, utakuwa umemtwisha dai ambalo hakulitoa, na mwenzako yeyote mwenye kitabu mkononi atakuonyesha hivyo. Kanuni ya kushika hapa ni kwamba sharti lolote analoliweka mwandishi linabaki ndani ya dai, hata kama linaifanya sentensi yako iwe ndefu.

Sasa unafika kwenye moyo wa maandishi, 49a hadi 50a, ambako Sokrates na Krito wanakubaliana kuhusu misingi. Ipe majina mafupi, maana utairejea mara nyingi. Msingi wa kwanza, tuuite A, ni kwamba mtu asitende dhuluma kwa vyovyote vile, hata kama yeye ametendewa dhuluma. Umeungwa na dai dogo kwenye 49c kwamba kuwatendea watu ubaya hakuna tofauti na kuwadhulumu. Msingi wa pili, tuuite B, uko 49e: mtu atekeleze aliyokubaliana na mwingine, madhali ni ya haki. Sokrates anakiri papo hapo kwamba wanaoamini A ni wachache na wataendelea kuwa wachache, tena anamtahadharisha Krito asikubali kinyume cha anavyoamini. Ninakuomba uandike tahadhari hiyo pembeni ya A, kwani ina maana kwamba kila kinachofuata kinamfunga tu mtu aliyekwisha kukubali msingi huo. Mwanasemina anayeamini kwamba mtu akidhulumiwa ana haki ya kulipiza hatapingana na Sokrates kuhusu kutoroka. Atapingana naye hapa, mapema zaidi.

Kisha linatokea jambo ambalo ukilisoma haraka litakuponyoka. Sokrates anauliza kama kuondoka kutavunja A na B, na Krito anajibu kwamba hawezi kujibu kwa kuwa haelewi. Huyu ni mtu aliyekubali misingi yote miwili sekunde chache zilizopita, na bado haoni kwamba inamkataza Sokrates kutoroka. Yuko sahihi kutoona. A inakataza dhuluma, lakini haisemi kwamba kutoroka ni dhuluma. B inaamuru makubaliano ya haki yatekelezwe, lakini haisemi kwamba Sokrates alikubaliana na yeyote kuhusu lolote. Mpangilio wowote unaoruka kutoka misingi hii hadi hitimisho una shimo katikati, na kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika kazi za wanafunzi. Hotuba ndefu ya Sheria, ambazo Plato anazisemesha kama watu kuanzia 50a, ipo ili kulijaza shimo hilo. Isome ukitafuta kitu kimoja tu: madai ya kuunganisha.

Utakuta nyuzi tatu ndani ya hotuba, na Sheria zenyewe zinazitaja mbili kati yake kwa pamoja kwenye 51e. Anayekataa kutii anakosa mara tatu: anaziasi Sheria zilizomzaa, anaziasi zilizomlea, na anavunja ahadi ya kuzitii ilhali hajazishawishi kwamba zimekosea. Mbili za kwanza zinaweza kuhesabiwa kuwa uzi mmoja wa mzazi. Uzi wa madhara, unaotangulia kwenye 50b, haumo katika hesabu hiyo, nao unasimama peke yake. Ipange kila nyuzi kivyake. Ukizichanganya, udhaifu wa mmoja utafichwa na nguvu ya mwingine, na kwenye semina hutajua pingamizi limegusa wapi.

Nichukue uzi wa madhara na kuufuma mpaka mwisho, ili uone kazi yenyewe inavyofanyika. Sheria zinauliza: je, mji unaweza kuendelea kusimama bila kupinduliwa ikiwa hukumu zinazotolewa hazina nguvu, bali zinabatilishwa na watu binafsi? Jaribio la kwanza la kuupanga lingekuwa hivi: mji hausimami ikiwa hukumu zake zinabatilishwa na watu binafsi, Sokrates akitoroka, anabatilisha hukumu, kwa hiyo Sokrates akitoroka, mji hausimami. Sasa lisome tena kama mpinzani. Dai la kwanza linahusu hukumu kwa ujumla wake, la pili linahusu hukumu moja ya mtu mmoja mwenye miaka 70, na hitimisho ni la uongo kwa dhahiri: Athene isingeanguka kwa sababu mzee mmoja amekwenda Thesalia. Ukiwa na mpangilio unaomfanya mwandishi mkubwa aseme jambo la uongo wa wazi, usimlaumu kwanza. Rudi kwenye maandishi uone kama umeacha neno. Hapa umeacha. Sheria zinasema kwamba Sokrates anakusudia kuziangamiza "kwa kadiri ya uwezo wake". Kwa hiyo dai la kuunganisha si kuhusu matokeo, bali kuhusu aina ya tendo. Jaribio la pili linakuwa hivi: kubatilisha hukumu halali kwa uamuzi binafsi ni kufanya, kwa upande wako, tendo ambalo likiwa kawaida linauangamiza mji, na kufanya tendo la namna hiyo ni kuutendea mji ubaya, hata kama peke yake haliuangamizi.

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo haimo popote katika Krito. Ni dai lisilosemwa, ambalo bila hilo hoja haifiki. Liweke kwenye orodha, lakini liwekee alama tofauti, mabano ya mraba kwa mfano, ili ionekane kwamba limetoka kwako kwa niaba ya Plato. Kuna lingine la kuwekea alama hiyo. Dai la 49c linasema kuhusu kuwatendea ubaya watu, na Sheria si watu. Ili A ifanye kazi hapa, lazima mtu akubali ama kwamba kuudhuru mji ni kuwadhuru wakazi wake, ama kwamba Sheria zenyewe zinaweza kudhulumiwa. Plato anazipa Sheria sauti na pumzi, na sauti hiyo inatufanya tusiulize. Wewe uliza.

Uzi wa mzazi (50d–51c) hautakuchukua muda mrefu. Sheria za ndoa zilimwezesha baba yake kumzaa, sheria za malezi zilimpatia elimu, na kwa hiyo yeye ni mtoto wao, tena hana usawa nao, kama mtoto asivyo sawa na baba. Nchi inastahili heshima kuliko wazazi wote wawili. Dai la kuunganisha ni kwamba aliyelelewa anawiwa utii, si shukrani tu, na kwamba deni hilo halikomi mtu akishakuwa mzima. Binafsi ninauona uzi huu kuwa hauwezi kubeba uzito wote peke yake, kwa kuwa watu wazima wengi wanawaheshimu wazazi wao bila kuwiwa kukubali kuuawa nao. Lakini uandike kwa ukamilifu, kwani hapa ndipo yanapoingia maneno ambayo yatarudi: mtu aushawishi mji kwamba amekosewa, au afanye unachoamuru (51b).

Uzi wa makubaliano (51d–53a) ndio ninaokushauri uupe nusu ya muda wako. Hapa madai karibu yote yametamkwa, na yanashikana. Kila Mwathene anapofikia utu uzima na kuyaona mambo ya mji yanavyoendeshwa, yuko huru kuondoka na mali yake kwenda atakako. Anayebaki huku akiona jinsi mashauri yanavyoamuliwa, amekubali kwa vitendo kutii au kushawishi. Sokrates amebaki kuliko karibu Mwathene yeyote: hakutoka nje ya mji isipokuwa kwa vita na labda sikukuu moja, alizaa watoto humo, alikuwa na miaka 70 ya kuondoka, na hata wakati wa kesi mwaka 399 kabla ya Kristo angeweza kupendekeza adhabu ya uhamisho akakataa. Hakulazimishwa, hakudanganywa, wala hakuharakishwa. Kwa hiyo amekubali, na kwa B anapaswa kutekeleza. Utaona kwamba orodha ya "hakulazimishwa, hakudanganywa, hakuharakishwa" (52e) si pambo. Kila neno linajibu njia moja ambayo makubaliano yanaweza kubatilika, na ndiyo sababu ninasema uzi huu umefumwa vizuri kuliko mingine.

Kinachobaki, 53a hadi 54b, kinazungumzia marafiki watakaohatarishwa, aibu ya kuonekana Thesalia umejifunika ngozi kama mtoro, na malezi ya watoto. Wanafunzi hushangaa: si mambo haya yaliondolewa kwenye 48c? Yaliondolewa, na ndiyo maana hayamo kati ya madai ya hoja kuu. Hapa Krito anajibiwa kwa vipimo vyake mwenyewe, kwamba hata ukiangalia sifa na watoto, kutoroka hakusaidii. Yaweke mahali pamoja na ile hotuba yake uliyoiandika kando.

Kuhusu kujua kama umepanga sawasawa, kuna majaribio mawili ninayoyaamini. La kwanza ni kumpa mtu ambaye hajasoma Krito orodha yako huku umelifunika hitimisho, na kumwuliza ni nini kinachofuata. Akishindwa kulifikia, kuna dai la kuunganisha limekosekana. Akifikia hitimisho kubwa kuliko lako, kuna dai umeliandika kwa upana mno. La pili ni kuipima orodha dhidi ya maandishi mengine ya Plato kuhusu kesi hiyohiyo. Katika Utetezi wa Sokrates, 29d, Sokrates anawaambia waamuzi kwamba wakimwachia kwa sharti la kuacha falsafa, atamtii mungu kuliko wao. Kama orodha yako ina dai kwamba kila amri ya mji lazima itiiwe, Sokrates wako anajipinga vibaya. Inawezekana Plato ameacha mgongano kweli, na wapo wasomi wanaosema hivyo, lakini huna haki ya kufika huko kabla ya kulijaribu dai jembamba zaidi. Lipo, nalo linatoka ndani ya A: mtu asitende dhuluma, ila kutendewa dhuluma hakukatazwi. Kuacha falsafa, kwa imani ya Sokrates, kungekuwa kutenda kosa mbele ya mungu. Kunywa sumu ni kutendewa tu. Amri ya kwanza inagongana na A, ya pili haigongani nayo, na uzi wa makubaliano unaweza kumfunga kwa ya pili bila kumfunga kwa ya kwanza. Sina uhakika kwamba hili linamaliza ugumu wote, kwa sababu lugha ya 51b ni kali na haitaji ubaguzi wowote. Lakini ukiliweka mezani, mjadala wenu utaanzia mahali pa juu zaidi.

Kwa ajili ya uwasilishaji wako, chagua dai moja la kubonyeza badala ya kuyagusa yote. Langu lingekuwa lile sharti dogo ndani ya B, "madhali ni ya haki". Sheria zinasema kwenye 54c kwamba Sokrates anakwenda akiwa amedhulumiwa na watu, si na Sheria. Hata hivyo ni Sheria hizohizo zinazotaka hukumu zilizokwisha kutolewa ziwe na nguvu, ziwe sahihi au zimekosewa (50b–c). Waulize wenzako, huku orodha iko mbele yao: je, makubaliano ya kuipokea hukumu yoyote itakayotolewa, hata ya dhuluma, ni makubaliano ya haki? Atakayejibu ndiyo itabidi aonyeshe kinachoyafanya yawe ya haki, na kuna uwezekano mkubwa akajikuta anaukimbilia uzi wa mzazi au wa madhara. Atakayejibu hapana itabidi aeleze ni mahakama gani inayoweza kufanya kazi ikiwa kila aliyehukumiwa anabaki kuwa mwamuzi wa mwisho wa hukumu yake. Katika majibu yote mawili, mwulize anasimamia dai lenye namba gani.